Skripti ya Katuni Imerudi na Maswali: Tafuta Kosa Lilipo

Skripti ya filamu ya kuigiza na watu ikiwa na kasoro, mwongozaji na waigizaji huisawazisha palepale lokesheni. Mtu akiuliza "nisimame hapa au pale?", anaoneshwa kwa kidole na kazi inaendelea. Katuni haina pale. Kila kinachoonekana kwenye picha kipo kwa sababu kuna mtu alikichora, naye alikichora kwa sababu kuna neno kwenye skripti lililomwambia hivyo. Isitoshe, skripti ikishatoka mikononi mwako hukatwa vipande. Mchora mandhari hupewa orodha ya mahali, fundi sauti hupewa orodha ya milio, waigizaji wa sauti hupewa kurasa zenye maneno yao tu. Ni wachache watakaoisoma mwanzo hadi mwisho na kuelewa ulichokusudia hata pale ulipoandika vibaya.

Kwa hiyo hapa naanzia upande wa pili, yaani kwenye malalamiko yanayorudi kutoka kwa timu, kisha natafuta ni mstari gani wa skripti ulioyaleta. Mfano nitakaoutumia ni filamu fupi ya dakika 5 niliyoiandika mwenyewe: Mwanaidi, binti wa miaka minane, bibi yake na paka wao, usiku wa mvua katika nyumba ya kijijini Pemba. Makosa mengi ya hapa chini yalitokea humo.

Dalili: orodha ya sini iko tupu, na ngurumo imekuwa mhusika

Tunaoandika kwa Fountain, mtindo wa kuandika skripti kwa alama chache, tunaipenda kwa sababu unaandika maandishi ya kawaida, hata kwenye simu, halafu programu inayapanga yenyewe: kichwa cha sini mahali pake, jina la mhusika katikati, maneno yake chini. Lakini programu haisomi Kiswahili, inasoma alama. Kichwa cha sini inakitambua kwa `INT.` au `EXT.` mwanzoni mwa mstari. Sisi tunaandika NDANI na NJE, na kwake hayo ni maneno kama mengine. Tazama kipande hiki:

```
NDANI. JIKO LA BIBI - USIKU

Bibi ameketi, anakuna nazi.

NGURUMO
Paka anaruka mezani.
```

Kwa macho yako kimekaa sawa. Kwa programu, mstari wa kwanza ni maelezo ya tendo yaliyoandikwa kwa herufi kubwa, kwa hiyo sini haijaanza. Halafu inafuata sheria nyingine: mstari wote wa herufi kubwa, wenye nafasi tupu juu yake na usio na nafasi tupu chini yake, ni jina la mhusika. Hivyo NGURUMO anakuwa mtu, na maneno yake ni "Paka anaruka mezani." Orodha ya waigizaji ikitolewa, mratibu wa kurekodi atauliza nani ameandaliwa kuigiza Ngurumo. Swali hilo niliulizwa.

Marekebisho ni alama mbili. Nukta moja mwanzoni mwa mstari hulazimisha kichwa cha sini, na alama ya mshangao hulazimisha tendo:

```
.NDANI. JIKO LA BIBI - USIKU

Bibi ameketi, anakuna nazi.

!NGURUMO

Paka anaruka mezani.
```

Nukta ya mwanzo na alama ya mshangao hazichapishwi. Maneno ya kuhamia sini nyingine yana shida hiyohiyo. Fountain inategemea mstari unaoishia na `TO:`, kwa hiyo "KATA:" inabaki kushoto kama tendo. Weka `>` mbele yake na itakaa kulia inapostahili.

Kabla ya kutuma, fungua orodha mbili tu ndani ya programu, ya sini na ya wahusika. Hesabu vichwa vya sini kwa kidole kwenye skripti, kisha linganisha idadi. Kwenye orodha ya wahusika tafuta kitu kisicho na mdomo. Ukiona MLANGO, RADI au BAADAYE, umepata mstari wenye kosa.

Anayeandika kwa programu ya kawaida ya ofisi hakutani na hili, ila anakutana na lake: maneno ya wahusika yaliyosogezwa katikati kwa kubonyeza nafasi mara ishirini huvurugika faili likifunguliwa kwenye kompyuta nyingine. Tengeneza mtindo mmoja wa jina, mmoja wa maneno, mmoja wa tendo, uvihifadhi, na utume PDF pamoja na faili la kuandikia.

Dalili: mchora storibodi anauliza "anakaa au amekaa?"

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu kosa hili ni letu wenyewe. Haliji na programu wala na mwongozo wowote wa kigeni, linatoka ndani ya kitenzi cha Kiswahili.

Niliandika hivi: "Mwanaidi anasimama mlangoni." Mchoraji akanipigia: "Dada, huyu mtoto alikuwa amekaa, sasa anainuka? Au alikuwa anatembea, akifika mlangoni anasita? Au sini inaanza tayari yupo pale?" Alikuwa na haki kabisa. Kusimama kwetu ni kuinuka, ni kukoma kwenda, na ni kuwa wima. Kwenye riwaya msomaji huchagua bila hata kujua kwamba amechagua. Kwenye katuni, maana ya kwanza ni mwili mzima kunyanyuka, uzito ukihama kutoka makalioni kwenda miguuni. Ya pili ni mwendo unaopungua mpaka unakwisha. Ya tatu ni mchoro mmoja usiosogea, labda kope tu zinafumba. Ni kazi ya siku kadhaa dhidi ya kazi ya saa chache, na zote zimebebwa na neno moja.

Kanuni ninayoifuata tangu wakati ule ni kuziachia -na- na -me- zifanye kazi zao bila kuingiliana. Kitenzi chenye -na- ni mwendo utakaoonekana kwenye picha: anaketi, anavaa, analala, anashika. Kitenzi chenye -me- ni hali tunayoikuta picha inapofunguka: ameketi, amevaa, amelala, ameshika. "Bibi anavaa kanga" inamtaka mhuishaji achore kitambaa kikizungushwa mwilini, na kitambaa kinachosogea ni miongoni mwa vitu vigumu kuhuisha. "Bibi amevaa kanga" ni maelezo ya umbo lake tu. Ukikosea herufi moja hapo, umeagiza kitu ambacho huenda bajeti haikiwezi.

Hali ni ileile kwa vitu. "Kandili inazimika" maana yake tunaliona tukio: mwali unayumba, unapungua, moshi unapanda. "Kandili imezimika" maana yake tunaikuta giza. Ukitaka tujue inazimika bila kuiona, sema hivyo: "Picha iko kwa Mwanaidi. Mwanga usoni mwake unatoweka. Kandili imezimika."

Kuna mwendo wa aina ya tatu ambao timu inahitaji kuujua mapema, nao ni ule unaojirudia. Bibi anapokuna nazi, mkono unakwenda mbele na kurudi. Mhuishaji akijua kwamba huo ni mwendo wa kuendelea, atachora mzunguko mmoja na kuurudia sini nzima. Kwa hiyo naandika "Bibi anaendelea kukuna nazi" pale mzunguko unapofaa, na "Bibi anaacha kukuna" pale unapokatika. Asipoambiwa utakatika wapi, hatajua mkono uishie mbele au nyuma.

Shida ya pili ya vitenzi ni kwamba havisemi nani. Mstari wangu mwingine ulikuwa huu:

```
Mwanaidi anamrukia paka, anaangusha kandili.
```

Nani kaiangusha? Mimi nilimaanisha paka, akikimbia. Storibodi ikaja na Mwanaidi akiipiga kandili kwa kiwiko, na ubaya wake ni kwamba sini mbili mbele Bibi anamkemea paka, Mwanaidi akimtetea. Hadithi ilikuwa imegeuka: mtoto aliyevunja taa anamsingizia mnyama. A- ya Mwanaidi na a- ya paka ni ileile, na Kiswahili hakina "yeye mwanamke" wala "yeye mnyama" wa kutuokoa. Dawa ni kulirudia jina bila kuona aibu, na kumpa kila mtendaji mstari wake:

```
Mwanaidi anamrukia paka, mikono mbele.

Paka anachomoka chini ya mikono.

Mkia wa paka unaigonga kandili. Kandili inaanguka.
```

Watu waliozoea insha za shule watasema jina limerudiwa mno. Skripti si insha. Mgawanyo huu wa mistari una faida nyingine pia: kila mstari unaelekea kuwa shoti moja, na mchora storibodi anaona mdundo wa tukio bila wewe kutaja kamera hata mara moja. Aya ya tendo yenye mistari sita au saba ni dalili kwamba umeficha shoti tatu ndani yake. Ikate.

Namna ya kujijaribu ni rahisi. Mpe mtu asiyeijua hadithi ukurasa mmoja na kalamu, umwombe achore vijiti tu, mstari kwa mstari, bila kukuuliza chochote. Pale kalamu inaposita ndipo skripti ilipo na shimo. "Mwanaidi anakumbuka maneno ya mama yake" itamsimamisha mara moja, maana kumbukumbu haina mwili. Lazima uamue kama tunamsikia mama, tunamwona, au Mwanaidi anashika kipuli alichoachiwa.

Dalili: mandhari ni nyingi kuliko mahali palipo kwenye hadithi

Filamu yangu ilikuwa na mahali panne: jiko, chumba cha kulala, ua, na njia ya kisimani. Orodha ya mandhari ilirudi ikiwa na tisa. Nilipoifuatilia nikakuta nimeandika "JIKO LA BIBI", halafu "JIKONI", halafu "NYUMBANI KWA BIBI, JIKO". Aliyetoa orodha, tena kwa kompyuta, alikuta majina matatu akahesabu mahali patatu. Angekuwa mtu mmoja anayechora peke yake angecheka na kuendelea. Kwenye timu, watu wawili tofauti walikwisha kuanza kuchora jiko lilelile, moja likiwa na mafiga na jingine na jiko la mkaa.

Jina la mahali liandikwe kwa namna moja tu kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, pakubwa kwanza kisha padogo: NYUMBA YA BIBI, JIKO. NYUMBA YA BIBI, UA. Ukipanga orodha kwa alfabeti, vyumba vya nyumba moja vitakaa pamoja, na mchoraji ataona kwamba dirisha la jiko linatazama ua.

Sehemu ya mwisho ya kichwa ni wakati, na hapo nilikuwa nimeandika "BAADAYE" mara mbili na "MUDA HUOHUO" mara moja. Kwa mtu wa mandhari, wakati si habari ya hadithi, ni rangi. Alfajiri ina rangi yake, magharibi ina yake, usiku wa kandili una yake na usiku wa giza una yake. "Baadaye" haina rangi. Andika mwanga uliopo: USIKU, KANDILI INAWAKA. USIKU, GIZA. Mandhari ileile katika mianga miwili ni kazi mbili, na mtayarishaji anahitaji kuijua hesabu hiyo kabla hajakubali tarehe.

Saa nazo ziangaliwe. Sini ya mwisho ilikuwa na saa ya ukutani, nami niliandika "saa inaonesha saa tatu asubuhi". Sisi tunajua akrabu fupi iko kwenye 9. Skripti ikitafsiriwa kwa ajili ya mhuishaji wa nchi nyingine, tatu inabaki 3 na saa inachorwa hivyo, na hakuna atakayeona mpaka filamu ioneshwe nyumbani. Kwa kitu kinachochorwa, eleza kinavyoonekana: "Saa ya ukutani: mshale mfupi kwenye 9, mrefu kwenye 12."

Dalili: mlio hauendi na picha

Niliandika "RADI!" peke yake nikidhani nimesema kila kitu. Mhuishaji akaweka mwanga mkali dirishani. Fundi sauti akaweka kishindo. Vyote viwili vikaangukia fremu moja, na usiku ule wa mvua ukapoteza hofu yake yote, kwa sababu mtoto aliyelala chumbani huogopa ule muda ulio katikati, anaposubiri. Radi kwetu ni mwanga, ni kishindo, na ni ile inayopiga mnazi. Siku hizi naandika UMEME kwa kinachoonekana na NGURUMO kwa kinachosikika, kila kimoja kwenye mstari wake, na kati yao naweka muda:

```
UMEME unamulika dirisha. Chumba cheupe, kisha giza.

Mwanaidi anavuta shuka hadi puani. Anasubiri.

NGURUMO, ya mbali. (sekunde 3 baada ya umeme)
```

Sekunde 3 si namba ya kubahatisha. Sauti husafiri kilomita moja kwa takriban sekunde 3, hivyo radi hiyo imepiga kilomita moja kutoka kijijini. Kwenye mradi wa fremu 25 kwa sekunde hizo ni fremu 75, na mhuishaji anajua ana fremu 75 za kuchora mtoto anayesubiri. Katika sini inayofuata nikapunguza hadi sekunde 1, na watazamaji wakahisi mvua inakaribia bila mtu kuwaambia.

Jambo ambalo alama ya sauti lazima iliseme, na skripti nyingi hazilisemi, ni kama sauti hiyo inahitajika kabla ya picha au baada yake. Ngurumo, mvua juu ya bati, mlango unaokwaruza: hivi fundi ataviweka picha ikiwa tayari. Maneno ya wahusika hurekodiwa kabla, kwa sababu midomo huchorwa kwa kuyafuata. Na muziki wowote ambao mwili unaufuata, ngoma, makofi, kutwanga kwa mdundo, nao lazima uwepo kabla. Mimi naandika mwishoni mwa mstari KWANZA au BAADAYE, na mtu wa ratiba ananishukuru.

Makofi yalinipa somo la hesabu. Bibi na Mwanaidi wanacheza wimbo wa makofi, nami niliridhika na mapigo 120 kwa dakika, yaani mawili kwa sekunde. Kwa fremu 25 kila pigo linaangukia fremu ya 12 na nusu, na nusu ya fremu haipo. Mhuishaji akachukua 12. Baada ya makofi 16, mikono ilikuwa imetangulia wimbo kwa fremu 8, karibu theluthi moja ya sekunde, na hata mtoto mdogo anaona mikono inayokutana kimyakimya halafu kofi linasikika. Mapigo 125 yanakupa fremu 12 kamili kwa kila kofi, mapigo 100 yanakupa 15 kamili. Mradi ukiwa wa fremu 24 kwa sekunde, mapigo 120 hayana shida, yanaangukia 12. Kwa hiyo uliza kasi ya fremu kabla hujachagua kasi ya wimbo, na uiandike kwenye skripti: "WIMBO WA MAKOFI, mapigo 100 kwa dakika, KWANZA."

Kuhusu sauti za watu wasioonekana, tenganisha mbili. Bibi anayeita kutoka uani yupo mahali pale, ila picha haijamwelekea. Fundi atampa mwangwi wa uani na umbali wake. Bibi anayesimulia hadithi miaka ishirini baadaye hayupo mahali popote, na sauti yake inatakiwa ikae karibu na sikio. Naandika `BIBI (HAONEKANI)` kwa wa kwanza na `BIBI (MSIMULIZI)` kwa wa pili, kwenye mstari wa jina. Wote wawili hawahitaji midomo, na hilo nalo ni la manufaa kwa anayepanga kazi.

Dalili: maelezo ya picha hayajafika, au yamefika mengi mno

Kama timu inasema haikuona kabisa maelezo yako, angalia ulivyoyaandika. Fountain ina mabano mraba mawili, `[[ ]]`, kwa ajili ya madokezo ya mwandishi, na programu nyingi huyaacha nje zinapotengeneza PDF usipoziagiza vingine. Mimi niliweka humo maelezo yote ya rangi ya kanga na umbo la mlango, nikaituma PDF, na wachoraji wakapokea skripti isiyo na kanga wala mlango. Fungua PDF yenyewe, usitegemee kioo cha kuandikia. Maelezo ambayo mchoraji lazima ayaone yaandikwe kama tendo la kawaida, na mwanzo wake uwe neno moja lisilobadilika, mfano "PICHA:", ili aweze kuyatafuta.

Yakiwa mengi mno, dalili yake ni storibodi iliyokufa, kila shoti ikifuata amri yako na hakuna hata moja yenye pumzi. "Kamera inasogea polepole kutoka kulia, inapanda, inamzunguka Bibi" ni kazi ya mchora storibodi, na mara nyingi anajua njia bora. Bakiza maelezo kwa kile asichoweza kukijua bila wewe: kitu kitakachorudi baadaye, maandishi yanayosomeka kwenye picha, ukubwa wa kitu ukilinganishwa na mtoto, na jina lenye maana mbili.

Hilo la mwisho lilinipata kwenye mstari wa kwanza kabisa wa filamu. "Bibi ameketi juu ya mbuzi." Mtu wa pwani haoni tatizo. Mchoraji wetu alikulia bara, kwao nazi hununuliwa imeshakunwa, na kwenye orodha ya vifaa aliyopewa palikuwa na neno moja tu: mbuzi. Alimchora vizuri sana, mwenye ndevu na pembe, na Bibi juu yake. Sentensi ingemsaidia kidogo kama ningeandika "mbuzi ipo sakafuni", maana mnyama angekuwa "yupo", lakini orodha haibebi sentensi, inabeba majina. Kwa hiyo jina la kifaa likitokea mara ya kwanza liandikwe zima na kwa herufi kubwa, na maelezo yake yafuate papo hapo:

```
Bibi ameketi juu ya MBUZI YA KUKUNIA NAZI.
PICHA: kigoda cha kukunjwa cha mbao, ulimi wa chuma
wenye meno mbele, bakuli chini ya ulimi.
```

Kutoka hapo jina hilohilo zima linarudiwa kila sini. Ukilifupisha ukurasa wa nne, orodha itakuwa na vifaa viwili.

Dalili: kurasa 5 zimetoa dakika 8

Kipimo cha ukurasa mmoja kwa dakika moja kimetoka kwenye filamu za watu, kwa herufi za Courier ukubwa wa 12, na hakifai sana kwetu. "Mwanaidi anasubiri" ni maneno mawili na inaweza kuwa sekunde 6. Aya ndefu ya paka na kandili inaweza kwisha kwa sekunde 2. Weka saa ya kupimia, soma maneno ya wahusika kwa sauti kama yatakavyosemwa, na matendo uyafanye kwa mwili wako, uinuke kweli, ufungue mlango kweli. Andika sekunde pembeni mwa kila sini kisha jumlisha. Dakika 5 kwa fremu 25 ni fremu 7,500, na kila dakika unayozidisha ni 1,500 nyingine ambazo hakuna aliyezipangia muda. Ikizidi, punguza sini nzima badala ya kukwangua sekunde mbilimbili kila mahali, maana wa kwanza kupotea katika kukwangua ni ule ukimya kati ya umeme na ngurumo.

Dalili: faili za sini ya 14 zina picha za sini ya 13

Hii hutokea baada ya kurekodi, ukifuta sini moja na kuacha programu ipange namba upya. Kufikia hapo kila namba imeshakuwa jina la folda kwa watu watano. Ziandike namba kwa mkono mwishoni mwa kichwa, na zisibadilike tena:

```
.NDANI. NYUMBA YA BIBI, JIKO - USIKU, KANDILI #12#
.NDANI. NYUMBA YA BIBI, CHUMBA - USIKU, GIZA #12A#
```

(Kwenye skripti yenyewe kila kichwa kina nafasi tupu juu na chini yake.) Sini mpya inayoingia kati ya 12 na 13 inakuwa 12A. Sini iliyofutwa inabakiza kichwa na namba yake, na chini yake neno moja: IMEFUTWA. Kisha tuma kurasa zilizoguswa tu, zikiwa na tarehe juu, na umpigie simu anayetunza faili za sauti, kwa sababu yeye ndiye ambaye sini ya 13 iko kwake tayari, imesharekodiwa.